Usingizi wa Shilingi 24,300

Ati wafanyabiashara wa Migori na Homa Bay walipe kiwango cha chini cha kadi ya mkopo, kisha walale usingizi? Mwandishi aliyetoa ushauri huo hakupiga hesabu.

Tuseme mwuza omena wa Mbita anadaiwa shilingi 100,000, na hanunui tena kwa kadi. Riba ni asilimia 3.5 kwa mwezi; kiwango cha chini, asilimia 10 ya deni pamoja na riba, ila kisipungue 1,000. Mwezi wa kwanza analipa 10,350, na 3,500 kati yake ni riba tupu. Deni likipungua, malipo nayo yanapungua, ndipo linapojivuta: miezi 45, riba karibu 48,500.

Angeshikilia 10,350 ileile kila mwezi, angemaliza kwa miezi 12, riba 24,200 hivi.