Utosi Unaowaka Si "Dawa Imekolea"



Kuna neno limezoeleka katika saluni zetu, na sisi tumeamua kulipinga hadharani. Mteja analalamika kwamba kichwa kinamchonyota, msusi anamwambia: "Vumilia kidogo, dawa ndiyo inakolea." Somo aliyekaa pembeni anatia mkazo kwamba uzuri una gharama. Basi bibi harusi anauma meno, anasuuzwa kichwa, anabandikwa wigi kwa gundi juu ya ngozi ileile iliyokuwa ikilalamika, na picha zinatoka nzuri.

Dada mmoja wa Mtera, kule bwawani kati ya Dodoma na Iringa, aliposwa huku Unguja akiwa na miaka 28. Zaidi ya mwaka kabla ya harusi utosi wake ulikuwa ukiwaka hata wiki ambazo hakuweka dawa yoyote. Pembeni hapaumi, kisogoni hapaumi, ni utosini tu. Jioni akivua mtandio na kupitisha kidole, panauma kama jipu linaloanza. Nywele za kisogoni zilimfika mabegani, lakini za utosini zilikatika zikabaki urefu wa kidole, na kila akizipunguza ili zilingane, baada ya miezi michache zile za kati zilikuwa zimebaki nyuma tena.

Ushauri alioupata unatosha kujaza daftari. Duka la dawa lilimpa dawa ya mapunye. Shangazi alimpa mafuta ya nyonyo na maji ya kitunguu, ambayo juu ya ngozi iliyowaka ni kama kutia chumvi kwenye kidonda. Jirani alisema ni husda. Mwingine, na huyu ndiye aliyetuudhi zaidi, alisema ni hijabu. Mama yake hakusema kitu, kwa sababu naye ana upara mahali palepale, na miaka yote amekuwa akiambiwa ni beseni la samaki alilobeba kichwani.

Haya, tuanze na hijabu. Kufunga na kusuka kwa kubana kunaweza kweli kung'oa nywele, lakini huanzia pale zinapovutwa: kwenye paji, juu ya masikio, pembezoni. Upara unaoanzia katikati ya utosi na kutambaa kwenda nje kama mviringo unaopanuka ni jambo jingine. Madaktari wa ngozi huuita upara wa kovu wa utosini, na huwapata zaidi wanawake wenye nywele za kipilipili kama zetu, mara nyingi kuanzia miaka ya thelathini na kuendelea, wengine mapema zaidi. Uvimbe mdogo usioonekana kwa macho huuzunguka mzizi wa unywele ndani ya ngozi na kuula polepole, kisha mahali pa mzizi pakajaa kovu. Kovu halioti nywele. Hapo ndipo penye haraka yote.

Na chanzo? Mwaka 1968 madaktari wa Marekani waliuandika kama upara wa chanuo la moto, wakidhani mafuta yaliyoyeyuka hutiririka hadi kwenye mzizi na kuuchoma. Baadaye wakaonekana wanawake wenye ugonjwa huohuo ambao hawakuwahi kugusa chanuo la moto, na jina likabadilishwa. Mwaka 2019 ukatoka utafiti uliokuta kwamba takriban robo ya wagonjwa waliopimwa walikuwa na hitilafu katika jeni moja inayosaidia kuujenga unywele. Kwa hiyo mama wa Mtera na binti yake hawakurithishana beseni. Dawa za kulainisha, moto na misuko ya kubana huenda vikachochea, ingawa tafiti hazikubaliani kwa kiasi gani. Sisi hatusemi saluni imemletea yule dada ugonjwa. Tunasema imemchelewesha, yeye na wenziwe, kwa kuwafundisha kwamba kuwaka ni kawaida.

Si kawaida. Rilaksa inapaswa kuoshwa mara ngozi inapoanza kuchonyota, na utosi unaowaka siku ambazo hakuna dawa kichwani unataka daktari. Jikague hivi: mkalishe dada yako nyuma yako, agawe nywele kwa mstari mmoja kutoka paji hadi kisogo, amulike kwa tochi ya simu. Atazame kama mstari unakuwa mpana utosini kuliko kisogoni. Ngozi nzima ina vitundu vidogo hata pale nywele zilipokatika. Ngozi yenye kovu huwa laini, inang'aa, haina vitundu. Apige picha, na mwezi ujao apige tena pahala palepale. Na tahadhari: wapo wasiosikia muwasho wala moto wowote, na kwao kukatika kwa nywele za utosini ndiyo dalili pekee ya mwanzo.

Wenye saluni watatujibu kwamba wigi linasitiri. Wasomaji wetu wanaijua habari iliyomo katika Bukhari na Muslim, ya binti wa Kiansari aliyeolewa, akaugua, nywele zikamwanguka, jamaa zake wakataka kumuungia nywele na Mtume (s.a.w.) akakataza. Wanazuoni wamejadili mengi kuhusu nyuzi na mawigi, na hatutaingia humo. Tunauliza tu: yule alikuwa bibi harusi mgonjwa, nasi leo tuna tiba aliyoikosa, kwa nini tunakimbilia gundi kwanza?

Dada yetu alipanda basi kwenda Dodoma mjini, zaidi ya kilomita 100, akaomba kuonwa na daktari wa ngozi. Nchi yetu inao. Kituo cha kanda cha kuwafundisha kipo KCMC, Moshi, tangu 1992. Alitiwa ganzi, akakatwa kipande cha ngozi chenye upana wa milimita 4, akashonwa. Kipande kilichukuliwa ukingoni, ambako nywele bado zipo, kwa sababu katikati ya upara mkongwe hubaki kovu tupu lisiloeleza mengi. Akapewa steroidi kali ya kupaka na sindano za steroidi kichwani kila baada ya wiki kadhaa. (Msikimbilie kununua krimu hizo wenyewe, hulainisha ngozi hadi ikawa kama karatasi.)

Daktari alitaka pia kumpa vidonge vya doksisaiklini, vya kutuliza uvimbe, kwa miezi kadhaa. Hapa mabibi harusi wasikilize. Dawa hiyo haifai kwa mjamzito, na minoksidili ya kuotesha nywele nayo huepukwa wakati wa mimba na kunyonyesha. Dada yetu aliona haya kutaja harusi. Nesi ndiye aliyemuuliza kama anatarajia kuolewa karibuni, na vidonge vikaachwa. Mwambie daktari tarehe yako ya harusi kama unavyomwambia fundi wa nguo.

Aliolewa akiwa na nywele zake mwenyewe, zimesukwa mistari iliyolegea, hazikutiwa dawa wala moto. Kuwaka kulitulia ndani ya miezi michache. Pale palipokuwa pamekwisha kupata kovu, upana wa sarafu, hapakuota, na aliambiwa tangu mwanzo kwamba hapataota. Pembeni yake pamesimama, hapatambai tena. Mama yake alikaguliwa siku hiyohiyo: utosi wote laini, unang'aa, hauna kitundu hata kimoja, na daktari hakuwa na dawa ya kumwandikia.