Simu za Usiku: Neno kwa Makarani wa Forodha wa Tunduma

Tangu kituo cha pamoja cha mpaka wa Tunduma na Nakonde kizinduliwe mwaka 2019, karani wa wakala wa forodha amekaa karibu na maofisa wa nchi zote mbili, ilhali mabwana zake wako mbali: mwajiri aghalabu yuko Dar es Salaam, mwenye mzigo yuko Lusaka au Lubumbashi, na wote humfikia kwa ujumbe wa simu, saa nne za usiku na Jumapili akiwa ibadani. Kwenu ninyi makarani naelekeza maneno haya, kwa kuwa nawaona wengi mkitaabika baina ya njia mbili zisizofaa, ama kujibu kila ujumbe hata usingizi ukawatoka, ama kuzima simu kimyakimya mkadhaniwa kuwa wajeuri.

Zingatieni kwanza kwamba ujumbe wa usiku mara nyingi hauombi kazi, unaomba habari. Mtu ambaye gari lake limo katika foleni, na kila siku ya kusimama inamzidishia gharama, huuliza "Gari limefika wapi?" kwa sababu hakuna aliyemwambia, na akijibiwa leo usiku wa manane, kesho atauliza wakati huo huo, maana amekwisha kufundishwa kuwa ndio wakati wa kujibiwa. Basi mtangulieni. Kabla ya kufunga ofisi, pelekeni taarifa mfano wa hii:

"Shikamoo mzee. Gari la kwanza limevuka alasiri. La pili nyaraka zake zimekubaliwa upande wetu, linangoja ukaguzi kesho asubuhi; usiku huu hakuna la kufanya. Nitakuletea habari kesho saa nne, saa za Tunduma. Likitokea la dharura, tafadhali nipigie badala ya kuandika."

Yatazameni maneno hayo. Hayakusema "nimechoka" wala "muda wa kazi umekwisha", ambayo humfanya mteja ahisi kwamba amekuwa mzigo; yamesema mzigo uko wapi, unangoja nini, na habari nyingine itakuja lini, na aliyejua hayo hana haja ya kuuliza. Saa zimetajwa kuwa ni za Tunduma kwa sababu Zambia na Katanga ziko nyuma yetu kwa saa moja, na anayeandika kwake saa mbili usiku hutufikia saa tatu. Na kupiga simu kumetengwa na kuandika ili mlio wa jumbe uweze kunyamazishwa ilhali mlio wa simu unabaki, tena anayelazimika kupiga hujiuliza kwanza kama jambo lake linastahili. Dharura nayo itajwe mapema kwa majina: ajali, dereva kukamatwa, lakiri kukutwa imevunjwa, shehena inayoharibika. Ankara iliyokosewa si dharura, maadamu wa kuipokea yuko kitandani.

Ahadi ya saa nne ni lazima itimizwe hata kama hakuna jipya, kwani siku moja ya kimya huirudisha desturi ya zamani. Kadhalika, ukisoma ujumbe usio wa dharura usiku na jibu likakujia, liandike ukitaka, lakini ulipeleke asubuhi.

Kwa mwajiri, neno lisemwe mchana, ana kwa ana au kwa simu, si katika ghadhabu ya ujumbe wa saa tano usiku. Mwambie: "Bosi, naomba tuafikiane. Taarifa nitaleta kila jioni, na la dharura nitapokea wakati wowote; mengine nitayashughulikia asubuhi." Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku ya kazi na nyingine, na saa 24 kila juma. Hata hivyo sheria hiyo inaacha nafasi kwa kazi ya dharura, wala haimfungi mteja, na anayesimamia wenzake akiwajibika moja kwa moja kwa uongozi wa juu haimlindi hivyo. Kwa hiyo naona ni hekima kuijua bila kuanza nayo mazungumzo.

Mkiona simu za dharura zinaongezeka juma hata juma, chunguzeni. Ikiwa wapigaji wanauliza yale yale ya jioni, taarifa yenu haijakamilika. Lakini ikiwa kweli kila usiku kuna lakiri iliyovunjwa au gari lililozuiwa, hapo pana kazi ya usiku hasa, na adabu ya mtu mmoja haiwezi kuibeba. Mwajiri aombwe kuweka zamu, mmoja ashike Jumamosi na mwenziwe Jumapili, namba ya mwenye zamu wapewe wateja wote, na saa za ziada ziafikiwe na kulipwa mara moja na nusu ya ujira, kama sheria hiyo hiyo inavyoamuru.