Kati ya Siku Nane na Saa Mbili

Katika ofisi zetu nyingi, za umma na za binafsi, kazi ya kusoma maoni ya wananchi mtandaoni, kufuta yenye matusi na kujibu wanaolalamika hukabidhiwa kijana aliyeletwa kwa mafunzo ya vitendo. Hupewa nywila, kifurushi cha intaneti na agizo moja: ukurasa uwe safi. Kwa maneno mengine, amepewa mamlaka ya hakimu pasipo sheria iliyoandikwa, pasipo masjala na pasipo mahali pa kukata rufaa. Hoja yangu ni kwamba kufuta na kujibu ni kazi moja, na anayezitenganisha huharibu zote mbili.

Tuanze na Ethiopia, kwa kuwa huko gharama ya kazi hii kufanywa vibaya inaonekana waziwazi. Profesa Meareg Amare alikuwa mwalimu wa kemia katika Chuo Kikuu cha Bahir Dar, Mtigray aliyeishi katika jimbo la Amhara wakati wa vita. Oktoba 2021 yaliwekwa Facebook machapisho yenye picha yake, mahali pake pa kazi na mtaa aliokaa, pamoja na tuhuma za uongo dhidi yake. Tarehe 3 Novemba 2021 watu wenye silaha walimfuata kutoka kazini, wakampiga risasi nje ya nyumba yake. Mwanawe, Abrham Meareg, alieleza katika madai yaliyofunguliwa Mahakama Kuu ya Nairobi Desemba 2022 kwamba alikuwa ameyaripoti machapisho hayo mara kadhaa kabla ya baba yake kuuawa. Kwa mujibu wa madai hayo, jibu la kwamba chapisho mojawapo lilikiuka masharti na limeondolewa lilikuja siku nane baada ya mauaji, na jingine lilikuwa bado lipo zaidi ya mwaka mmoja baadaye. Kesi ililetwa Kenya kwa sababu wasomaji wa machapisho ya ukanda huu walikuwa Nairobi, wakiajiriwa na kampuni iliyopewa zabuni. Meta ilipinga mamlaka ya mahakama hiyo. Aprili 2025 mahakama iliamua kwamba inayo.

Haki ya mwisho mahakama itaisema. Lakini tazameni umbo la jambo lenyewe. Lugha ya jibu lile haikuwa ndiyo tatizo. Tatizo, kwa jinsi linavyoonekana, ni kwamba lalamiko liliingia katika foleni moja na malalamiko mengine yote, ya matangazo ya ulaghai na ya picha zilizoibwa, likasubiri zamu yake. Inaonekana hakuna aliyeuliza swali ambalo lingechukua nusu dakika: je, chapisho hili linasema mtu huyu anapatikana wapi?

Sisi Tanzania tulikimbilia upande wa pili. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 zilimpa mwenye jukwaa saa 12 za kuondoa maudhui yaliyokatazwa baada ya kuarifiwa. Kanuni za mwaka 2020 zikaupunguza muda huo hadi saa mbili. Anayesoma haraka atasema hapo Profesa Meareg angepona. Mimi nina shaka. Muda mfupi unaohesabiwa sawasawa kwa kila aina ya lalamiko, huku adhabu ikimsubiri mwenye jukwaa peke yake, humfundisha jambo moja tu: futa kwanza. Na wanaolijua hilo mapema ni wale wenye la kuficha. Mkandarasi aliyetajwa kwa barabara iliyobomoka hulalamika kwamba ametukanwa, na kabla ya saa mbili kwisha barabara imebaki mbovu na ushahidi umetoweka.

Tuchukue mfano wa kubuni, lakini wa aina ambayo kila afisa habari wa halmashauri ataitambua. Chini ya tangazo la idara ya ardhi mwananchi ameandika: “Karani wa dirisha la pili alinidai elfu hamsini kwa fomu ambayo ni bure. Mbwa yule. Na watu wa kabila lake ndivyo walivyo wote. Anakaa nyuma ya soko, nyumba ya geti jekundu, mkamfundishe adabu.”

Sentensi nne, na kila moja inataka hukumu yake. Ya kwanza ni tuhuma ya rushwa, nayo ndiyo sababu ukurasa ule upo. Ya pili ni tusi. Ya tatu inahamisha kosa la mtu mmoja kwenda kwa kabila zima. Ya nne inaelekeza nyumba na kuwaita watu waende, na kwa hiyo ndiyo inayoamua kasi. Kijana wetu akiyaona maneno “mkamfundishe adabu” yakiandamana na geti jekundu, asisubiri kikao cha idara. Ayafiche sasa hivi.

Nasema ayafiche, sisemi ayafute. Kwanza apige picha ya skrini inayoonyesha jina la akaunti, saa na kiungo, aiweke katika daftari la kazi, kisha aliondoe chapisho machoni pa watu. Kilichofutwa kabisa hakiwezi kurudishwa ikibainika hukumu ilikuwa na kasoro, wala hakiwezi kumsaidia karani huyo akienda polisi kueleza kwamba anatishiwa. Ukurasa wa Facebook una kitufe cha kuficha maoni, lakini tahadhari: yakifichwa kwa njia hiyo, aliyeyaandika na marafiki zake huendelea kuyaona. Kwa anwani ya nyumba kuficha hivyo hakutoshi. Hapo, baada ya kuweka nakala, lazima kufuta.

Wala asithubutu kuyahariri maneno ya mwananchi, akiiacha sentensi ya kwanza na kuzikata tatu. Inaonekana ni huruma, kumbe ni kumsemesha mtu asichokisema. Njia ya haki ni kumwandikia mwenyewe, faraghani:

“Ndugu, tumeyaondoa maoni yako ya leo saa 4 asubuhi kwa sababu yalitaja nyumba ya mtu na kuwataka watu waende huko, na kwa sababu yalitukana kabila. Tuhuma yako ya kudaiwa fedha kwa fomu ya bure hatukuiondoa kwa kuwa hatuitaki. Ukiiandika upya bila maneno hayo, tutaiacha. Tumeipeleka pia kwa mkuu wa idara, na Ijumaa tutakueleza imefikia wapi. Ukiona tumekuonea, jibu ujumbe huu. Atausoma mtu mwingine, si mimi.”

Linganisheni na jibu tulilolizoea: “Asante kwa maoni yako. Maoni yako yameondolewa kwa kukiuka vigezo na masharti. Samahani kwa usumbufu.” Hilo pia lina adabu, ikiwa adabu maana yake ni kutokutukana. Lakini halisemi kigezo kipi wala sharti gani, na lile “yameondolewa” linamficha mtendaji. Kauli isiyomtaja mtendaji katika Kiswahili ni kichaka kizuri cha watu wa ofisini: fedha zimetumika, faili limepotea, maoni yameondolewa. “Tumeyaondoa” inamleta mtu mbele ya mwananchi, na mtu aliyeko mbele hulazimika kutoa sababu. Hata hiyo “samahani kwa usumbufu” ni ya kutazamwa. Kama ofisi imekosea, iseme imekosea wapi. Kama haikukosea, haina la kuombea radhi.

Lalamiko la pili litatoka kwa karani mwenyewe. Atakuja, tena na haki yake, akitaka mambo mawili: kila kitu kilichomhusu kiondoke, na jina halisi la mwandishi apewe. La kwanza ajibiwe kwamba anwani na matusi vimekwisha kuondolewa, kwamba tuhuma ya fedha imepelekwa mahali pa kuchunguzwa, na kwamba naye anayo nafasi ya kujibu pale pale ilipoandikwa. La pili ajibiwe kwa upole kwamba jina halitolewi dirishani; polisi wakilihitaji kwa ajili ya tishio, wafuate taratibu za sheria. Najua jibu hili lina gharama. Maxence Melo wa JamiiForums alifikishwa mahakamani Desemba 2016 chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, akishtakiwa kuzuia uchunguzi kwa kutokutoa taarifa za watumiaji. Ndiyo maana jibu hili lisiachwe liwe ujasiri wa kijana wa mafunzo. Liandikwe katika mwongozo wa ofisi na lisainiwe na mkuu wake.

Wapo watakaosema kwamba kazi yote hii ingefanywa na orodha ya maneno: ingiza “mbwa”, ingiza “nyani”, mtambo uzuie. Orodha ina faida yake kwa matusi ya nguoni, ambayo hayana maana nyingine. Ikitoka hapo hupotea njia. Itaizuia idara ya mifugo isitangaze chanjo ya kichaa cha mbwa, na itayapitisha maneno safi yaliyobeba sumu. Nchini Kenya, neno “madoadoa”, ambalo kila mtoto hulitumia kwa chui na kitenge, limetumika Bonde la Ufa kuwaita watu wa makabila mengine wasiotakiwa katika eneo, na Tume ya Taifa ya Mshikamano na Utangamano ikaliweka katika orodha yake ya maneno ya chuki mwaka 2022. Nchini Rwanda kabla na wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994, “inyenzi”, yaani mende, halikuwa tena jina la mdudu. Mtu asiyeishi na lugha hatajua ni lini “doa” ni doa. Kwa sababu hiyo wasomaji wa maoni wa Eldoret na wa Mtwara hawabadilishani tu kwa kuwa wote wanazungumza Kiswahili.

Linabaki suala la rufaa, ambalo kwa ofisi zetu ndilo jepesi kuliko yote na ndilo halifanyiki. Halihitaji bodi. Linahitaji mtu wa pili, asiye chini ya yule wa kwanza, na daftari lenye safu tano: saa lalamiko lilipoingia, maneno yalivyokuwa, kilichofanywa, kanuni iliyotumika, na jibu alilopewa mlalamikaji. Mtu huyo wa pili akilisoma kila mwisho wa mwezi ataona mapema kama yanayofichwa zaidi ni matusi, au ni sentensi za kwanza kuhusu elfu hamsini.