Akte ya kuzaliwa ya mtoto: tusipitishe siku 90



Kila mwanzo wa mwaka wa masomo, sisi walimu tunapokea wamama wanaoleta karatasi ya maternite na kusema: "Mwalimu, akte ya mtoto ni hii." Hapana. Karatasi ya maternite ni sertifika ya kuzaliwa: inashuhudia tu kwamba mtoto alizaliwa pale. Akte ya kuzaliwa inatolewa na serikali, katika ofisi ya eta-sivili, baada ya mtoto kuandikwa katika rejista. Sheria ya familia inatupa siku 90 tangu kuzaliwa, na ndani ya siku hizo kuandikisha ni bure.

Karatasi za kubeba

- Sertifika ya kuzaliwa kutoka maternite. Kama mtoto alizaliwa nyumbani, nenda na mtu aliyekusaidia kuzaa, na uombe karatasi kwenye kituo cha afya kilichokupokea baadaye.
- Kadi ya mpiga kura, au kitambulisho kingine, ya mama na ya baba.
- Akte ya ndoa, kama mmeandikisha ndoa serikalini.

Beba fotokopi pamoja na karatasi zenyewe. Fotokopi zinabaki ofisini, karatasi zenyewe unarudi nazo.

Hatua

1. Nenda kwenye ofisi ya eta-sivili ya komini yako. Kijijini, ni ile ya sekta au sheferi. Baba au mama anaweza kutangaza kuzaliwa. Wakikosekana, ndugu wa karibu au mtu aliyekuwapo wakati wa kuzaa anaweza kufanya hivyo.
2. Ofisa anaandika katika rejista. Kabla ya kutia sahihi, omba akusomee yote polepole: jina, postinomu, prenomu, tarehe, mahali, majina ya wazazi. Linganisha herufi kwa herufi na kadi zenu. Kosa lililokwisha kuingia katika rejista halifutwi kwa kalamu. Kulirekebisha kunapitia tribinali.
3. Pokea akte. Angalia kama ina numero ya akte, volimu, folio, sahihi na muhuri. Namba hizo zinaonyesha ukurasa wa rejista ambamo mtoto wako ameandikwa.

Tuchukue mfano

Mama wa Katuba, Lubumbashi, amezaa tarehe 10 Machi. Mume wake yuko kazini Kolwezi, na mama anasema atamngoja. Tuhesabu: Machi inabakiza siku 21, Aprili ina 30, ndiyo 51, Mei ina 31, ndiyo 82, zinabaki 8. Siku ya 90 ni tarehe 8 Juni. Kama ndoa yao imeandikwa serikalini, mama asimngoje baba: aende mwenyewe na akte ya ndoa na fotokopi ya kadi ya mume. Kama haijaandikwa, ni vema baba apange safari mapema, kwa sababu yeye ndiye anayemtambua mtoto mbele ya ofisa.

Na akifika tarehe 20 Juni? Ofisa hana tena ruhusa ya kuandika kwa tangazo la mzazi peke yake. Lazima kupata hukumu ya tribinali inayochukua nafasi ya tangazo lililochelewa, kisha kungoja hati inayoonyesha kwamba hakuna rufaa, ndipo kurudi eta-sivili. Ni safari nyingi na ni gharama, kwa jambo ambalo siku 12 nyuma lilikuwa bure.

Tujihadhari

Kwenye mlango wa ofisi mara nyingi kuna watu wanaosema: "Mama, leta feza, nitakuletea akte leo." Karatasi yao inaweza kuwa na muhuri mzuri, lakini mtoto hayumo katika rejista. Siku mtakapoomba kopi, ofisa atafungua volimu na folio na kukuta jina la mtoto mwingine, au hakuna kitu. Kwa hiyo ingia ndani, na umwone ofisa akiandika.

Ukiombwa feza, uliza kwa upole ni ya nini, omba kuonyeshwa tarifa iliyoandikwa, na usitoke bila risiti. Kopi za baadaye zinaweza kulipishwa. Kuandikisha ndani ya siku 90, hapana.

Karatasi zinazoombwa zinaweza kuongezeka kutoka komini moja hadi nyingine. Usitegemee ujumbe unaozunguka kwenye simu, wala ukurasa huu peke yake. Kabla ya kwenda na mtoto mgongoni, pita kwanza eta-sivili, soma tangazo la ukutani na umwulize ofisa mwenyewe.

Katika kikundi chenu, andikeni kwenye daftari tarehe ya kila mtoto anayezaliwa, na kando yake tarehe ya siku ya 90.