Vijana Wanataka Haraka, Lakini Jina Lisiondolewe

Malalamiko tunayoyapata sana kutoka kwa wateja walio chini ya miaka 25 yanafanana: mbona kutuma pesa kuna hatua nyingi hivi? Umeshaandika namba, umeandika kiasi, umeweka namba ya siri, halafu bado simu inakuonyesha jina la mtu na kukuuliza kama una hakika. "Si nishasema natuma?" Na sisi ambao kazi yetu ni kuvutia vijana tunashawishika kuwapa jibu rahisi, kwamba tuondoe hatua, tubadilishe rangi, tuandike kwa Sheng, mambo yaishe.

Wengi wetu kwenye kundi la masoko ni vijana pia, na tunayaelewa malalamiko hayo vizuri. Kijana hatumi pesa kama mzazi wake. Mzazi hutuma elfu tatu mwisho wa mwezi. Kijana hutuma hamsini ya smokie, mia mbili za kuchanga, sabini za boda, tena yote kabla ya saa saba mchana. Ukikutana na swali lilelile mara kumi kwa siku, lazima likukere. Hata hivyo tunaona jibu hilo rahisi ni kosa, na sababu yake haizungumzwi sana.

M-Pesa ilipoanza Kenya mwezi Machi 2007, iliuzwa kwa wazo moja tu: tuma pesa nyumbani. Ndani ya wazo hilo kuna watu wawili, anayetuma akiwa mjini na anayepokea akiwa kijijini. Mfumo ukajengwa hivyo. Wote wawili wanapata esemesi yenye kiasi, jina na saa. Kwa wakala unaonyesha kitambulisho na unaandikwa kwenye kitabu. Pesa yenyewe inakaa kwenye akaunti ya dhamana benki, haikai mfukoni mwa kampuni. Mteja wa kawaida hakujua habari za akaunti ya dhamana. Alichojua ni kwamba mama amepiga simu kusema pesa imefika, na esemesi yake inataja jina la mwanawe.

Mwaka 2016 Safaricom ilianzisha Blaze kwa ajili ya vijana. Ilikuwa na sura yake, lugha yake na matamasha yake, na kijana aliweza kujipangia bando mwenyewe. Hilo liliwezekana kwa sababu bando unalitumia peke yako. Ukiamua intaneti yako iwe ya usiku, mama yako hahusiki. Lakini pesa unayotuma ina mtu upande wa pili, na mara nyingi huyo mtu si rika lako. Ni mama mboga, ni landilodi, ni shosho. Ukibadilisha huduma ya kijana umeibadilisha ya shosho pia, awe amekubali au la. Kwa hiyo kampuni ya malipo haiwezi kujigawa nusu ya vijana na nusu ya wazee kama inavyogawa bando.

Tuchukue mfano. Kijana anataka kumtumia rafiki shilingi 1,350 za tikiti. Namba inaishia na 47, yeye anaandika 74. Makosa ya kugeuza tarakimu mbili ni ya kawaida sana, na jicho haliyaoni kwa sababu tarakimu ni zilezile. Ukiangalia namba tena unaona ulichotarajia kuona. Jina ni tofauti. Ulitarajia Kevin, umeona Beatrice, unashtuka hapohapo. Ndiyo kazi ya Hakikisha: jina linatokea, na una nafasi fupi ya kusitisha kabla pesa haijaenda.

Sasa tuseme hatua hiyo tumeiondoa kwa sababu inakera. Pesa imefika kwa Beatrice. Kijana anatuma ile esemesi ya muamala kwenda 456 kuomba irudishwe. Akiwahi, na pesa ikiwa bado iko, kuna matumaini. Kama Beatrice ameshaitoa kwa wakala au amenunua unga, hakuna cha kurudisha, yanabaki mazungumzo ya simu na mtu usiyemjua. Unaokoa sekunde chache mara kumi kwa siku, halafu siku moja unapoteza 1,350. Na ukiipoteza humlaumu kidole chako. Unailaumu kampuni.

Tukubali pia kwamba jina halizuii kila kitu. Linakukinga na namba isiyo sahihi, halikukingi na tapeli. Tapeli aliyekuambia anaitwa Kevin anaweza kuwa na laini iliyosajiliwa kwa jina la Kevin kabisa. Tusiliuze jina kama dawa ya ulaghai, maana tutakuwa tunadanganya.

Kuna lalamiko moja la vijana, hasa wasichana, ambalo tunaona lina haki kuliko lile la haraka. Unalipa chakula mahali, jioni mtu wa pale anakupigia: "Niaje, ni wewe ulikuja na koti jekundu?" Namba yako na majina yako yote aliyapata kwenye malipo. Huduma ilipobuniwa hili halikuonekana kama tatizo, kwa sababu ulimtumia mtu unayemjua. Leo tunalipa watu wengi tusiowajua. Hapa kijana ameona kitu ambacho sisi tulikipita, na kampuni inapaswa kubadilika.

Lakini ona kinachohitaji kubadilika. Anayetuma anahitaji jina la anayepokea ili asikosee. Muuzaji anahitaji kujua kwamba pesa imeingia, ni kiasi gani na saa ngapi, na pengine jina la kwanza ili asichanganye wateja wawili. Namba yako nzima haimsaidii kwa lolote, kwa hiyo ifichwe tarakimu za katikati. Uaminifu haupungui, na msichana analala bila kupigiwa simu.

Kuhusu haraka, tungefanya hivi. Namba unayoitumia kwa mara ya kwanza ionyeshe jina kamili na nafasi ya kusitisha, hata kama ni shilingi ishirini. Namba uliyoitumia mara nyingi iwe kwenye orodha yako kwa jina, uifinye badala ya kuiandika. Usipoandika tarakimu hugeuzi tarakimu. Kwa njia hiyo haraka inatokana na kuondoa mahali pa kukosea, na ukaguzi unabaki. Wenye simu janja watumie alama ya kidole kwenye apu, wenye kabambe waendelee na *334#, na jina lionekane kote.

Sheng iende kwenye matangazo, hatuna neno. Tena tuandike vizuri, maana vijana wanaijua Sheng ya ofisini mara moja na wanaicheka. Lakini esemesi ya muamala ibaki na lugha ya kawaida, kwa mpangilio uleule. Kuna wateja wazee ambao hawasomi ile esemesi neno kwa neno. Wanajua kiasi hukaa wapi na salio hukaa wapi, wanatazama pale tu. Ukihamisha salio ili ukurasa upendeze, umemfanya mtu aende kwa wakala kuuliza kama pesa yake ingalipo.

Wiki hii tulimpa mama mmoja wa kibanda karibu na ofisi asome muundo mpya tuliokuwa tukijivunia. Aliishika simu kwa mbali, akaikaribia, akauliza, "Na jina la huyu limeenda wapi?" Tumeurudisha mezani.