Msaidizi wako akirudi na mzigo kwa sababu mteja kamsumbua, nani analipa hiyo oda?

Wafanyabiashara wenzangu, ukimuuliza muuzaji mwenye wasaidizi wawili watatu kama wanasumbuliwa na wateja, wengi watakujibu, "Kwangu hakuna, wangeniambia." Mimi nasema hawatakuambia, na sio kwa sababu ya aibu peke yake. Wanapiga hesabu.

Chukua mfano wa duka la magauni la mtandaoni. Mdada anayejibu oda ana mshahara mdogo, kamisheni ya 2,000 kwa kila gauni, na 3,000 akipeleka mzigo mwenyewe. Mteja amefikia lodge, anataka magauni matatu ya 45,000, jumla 135,000, analipa mzigo ukifika. Saa tatu usiku maswali ya saizi yanageuka: "Picha yako ya profaili kali, una mtu?" Kisha inakuja voisi noti: "Niletee mwenyewe huku chumbani, usimtume boda, nitakuongeza." Kesho yake mdada anafika, anaambiwa aingie ndani.

Akigeuka na mzigo, amepoteza 6,000 ya kamisheni na 3,000 ya kupeleka. Halafu akirudi kuna bosi anayeuliza, "Imekuwaje tena umerudi nao?" Kwa hiyo atafanya moja kati ya mawili. Ataingia huku anaomba Mungu, au atarudi akudanganye kwamba mteja hapokei simu. Hapo wewe utaona una mteja msumbufu wa malipo, kumbe una tatizo jingine kabisa.

Ndiyo maana naona sera ya "hatuvumilii unyanyasaji" haina kazi kama haisemi hela ya oda iliyovunjika inatoka wapi. Kifungu cha kwanza kiwe hiki: oda ikivunjika kwa sababu ya usumbufu, hasara ni ya biashara, na msaidizi analipwa kamisheni na hela ya kupeleka kama vile imeuzwa. Kwenye mfano wetu inakugharimu 9,000, na magauni yako bado unayo.

Najua kuna atakayesema watu watatunga visa ili wapate hiyo 9,000. Inawezekana, lakini kila taarifa inakuja na namba ya mteja, na huyo mteja hauziwi tena. Msaidizi wa kamisheni hana faida kubwa ya kukufukuzia wateja. Ninachokiona kinatokea mara nyingi ni kinyume chake, yaani watu kuficha.

Sera yenyewe iwe fupi, ikae ukutani na kwenye grupu la kazi. Unaweza kuanza na hii:

"Hapa kazini, maneno ya kimapenzi yasiyotakiwa, picha chafu, kushikwa, vitisho na matusi ya kudhalilisha ni marufuku, yatoke kwa mteja au kwa mwenzetu. Mzigo wa hotelini na lodge unaishia mapokezi, wa nyumbani unaishia mlangoni au getini. Ukisumbuliwa, acha huduma na uondoke bila kuomba ruhusa. Malipo yako hayakatwi. Toa taarifa kwa mmoja wa watu wawili waliotajwa hapa chini. Utapewa jibu ndani ya siku tatu."

Hao watu wawili ni muhimu. Biashara zetu nyingi ni za familia: bosi ni dada, anayefunga mizigo ni mdogo wake, anayepeleka ni binamu. Kama anayesumbua ni mdogo wa bosi na mlango wa kulalamika ni bosi peke yake, mlango huo umefungwa. Mtu wa pili awe nje ya familia, na ikiwezekana mmoja wao awe mwanamke. Anaweza kuwa mfanyabiashara jirani mnayemwamini wote, mradi amekubali na namba yake imeandikwa.

Taarifa ikija, fuata mpangilio huu.

1. Msikilize faragha siku hiyo hiyo. Usianze na "ulivaaje" wala "ulimjibuje." Muulize nini kilitokea, wapi, saa ngapi, na nani aliona.
2. Andika kwenye daftari, msomee, athibitishe. Daftari lisiachwe kaunta.
3. Tunzeni ushahidi kabla ya kumbloku mteja. Mtumaji wa WhatsApp anaweza kufuta ujumbe kwa wote, kwa hiyo skrinshoti ipigwe mapema, ionyeshe namba na tarehe. Picha ya kutazamwa mara moja WhatsApp inaizuia skrinshoti, kwa hiyo piga picha kioo kwa simu nyingine. Ukimzuia mtu, angalia usifute mazungumzo kwa pamoja.
4. Mjibu mteja wewe mwenye biashara, sio aliyesumbuliwa: "Oda yako imesitishwa kwa sababu ya ujumbe uliomtumia mfanyakazi wetu. Hatutaendelea kukuhudumia." Kama alishalipa, mrudishie hela yake, usimpe sababu ya kuanza ugomvi mwingine.
5. Mrudie aliyelalamika, umwambie umeamua nini.

Akiwa ni mwenzake wa kazini, msikilize kila mmoja peke yake. Usiwaweke meza moja "mmalizane." Wakati unachunguza, hamisha zamu ya anayelalamikiwa. Tumezoea kumwondoa aliyelalamika, eti tunamlinda, mwisho anapoteza siku za kazi na wengine wanajifunza kunyamaza. Ukithibitisha, adhabu iendane na kosa: onyo la maandishi kwa maneno, kazi kuisha kwa kushika mwili au kutishia. Ndugu yako naye apimwe kwa kipimo hicho hicho.

Kuna mpaka pia. Mteja anayefoka kwamba mzigo umechelewa siku nne sio mnyanyasaji, ana haki ya kulalamika. Akianza kumtukana msaidizi utu wake, au kumtishia kumfuata nyumbani, hapo amevuka.

Na sio kila jambo linaishia kwenye daftari lako. Kwa hapa Tanzania, Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliingiza udhalilishaji wa kijinsia kwenye Kanuni ya Adhabu, na hata maneno yanahesabika, sio kushika tu. Ikiwa ameshikwa kwa nguvu, ametishiwa au anafuatwa, msindikize polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, mwende na hizo skrinshoti. Akiwa ameumizwa, aombe PF3 kwa ajili ya hospitali. Lakini uamuzi wa kushtaki ni wake akiwa mtu mzima, usimlazimishe wala usimkatishe tamaa kwa kuogopa jina la duka.

Kama unasema kwako hakuna, angalia dalili. Msaidizi anaomba mwenzake ajibu namba fulani. Mzigo wa mtaa fulani kila mara "mteja hapatikani." Mtu alikuwa anapenda zamu ya jioni, ghafla haitaki. Muulize taratibu, lakini kwanza mwambie hela yake haitakatwa.

Wewe kwako oda ikivunjika hivi, kamisheni unailipa au unaikata? Tuambiane kwenye komenti.