Dawa ya Kupulizia Ipi? Majibu kwa Wanaosema Mteja Asiulizwe

Kalemela, kata ya Wilaya ya Busega mkoani Simiyu, ni nchi ya pamba na ng'ombe. Mkulima yule yule huwa na shamba la pamba na zizi la ng'ombe, na mara nyingi huwa na bomba moja tu la mgongoni la kupulizia dawa. Ndiyo maana ujumbe mfupi kama huu, ukifika kwenye simu ya muuza pembejeo mwezi wa Februari, unahitaji akili: "Naomba dawa ya kupulizia, bomba nne, nakuja kesho saa mbili."

Nashikilia kwamba jibu zuri la ujumbe huu ni kumtajia aliyeutuma maana mbili au tatu zinazoelekea, achague kwa kuandika namba. Hoja za kuupinga utaratibu huu nimezisikia nyingi, na wanaozitoa ni watu wa kazi, kwa hiyo zinastahili kujibiwa.

Wanaanza kwa kusema kwamba muuzaji anayeijua kazi yake hamuulizi mteja, anajua tu. Lakini hebu tuutazame ujumbe wenyewe. Dawa ya kupulizia inaweza kuwa ya funza wa vitumba, anayetoboa vitumba na matunda ya pamba. Inaweza kuwa ya wadudu wanaofyonza majani, yaani chawa jani na vidukari. Inaweza pia kuwa ya kupe, kwa sababu kupe wa masikio ndiye anayewaletea ng'ombe ndigana kali, na mfugaji anayejali mifugo yake hawezi kuacha kuogesha. Shida inakuwa kubwa zaidi kwa sababu kiambato kimoja, saipamethrini, kipo katika baadhi ya dawa za pamba na katika baadhi ya dawa za kuogeshea ng'ombe, lakini kwa nguvu tofauti na kikiwa kimechanganywa na vitu tofauti. Chupa ya shambani haipaswi kumwagwa juu ya ndama. Ukikisia vibaya hapa, hasara haiishii kwenye nauli ya bodaboda ya kurudisha chupa.

Kuijua kazi kunaonekana kwingine, katika kuchagua ni maana zipi za kumtajia mtu. Pamba iliyopandwa mwanzoni mwa Desemba, ikifika mapema Februari ina takriban wiki tisa, imeshaweka vitumba na inatoa maua. Hapo funza anakaa nafasi ya kwanza, na wafyonzaji wanafuata. Ujumbe huo huo ungekuja wiki tatu baada ya kupanda, funza angetoka kabisa kwenye orodha, wafyonzaji wangepanda juu, na nafasi iliyobaki ingekuwa ya dawa ya magugu, kwa kuwa nayo hupuliziwa kwa bomba. Kupe wanabaki wakati wote, maana kuogesha ng'ombe hakungoji msimu wa pamba. Asiyejua pamba hawezi kuipanga orodha hiyo.

Wengine wanakubali kwamba kuuliza ni lazima, ila wanasema swali fupi linatosha: "Dawa ipi?" Hoja hii ndiyo ninayoipinga kwa nguvu zaidi, kwa sababu inaonekana ya busara na ndiyo inayokula siku nzima. Swali la namna hiyo linamrudishia mkulima mzigo ule ule alioushindwa mwanzo. Angekuwa anajua jina la dawa angeliandika. Atajibu "ile ya wadudu", au "ile ya mwaka jana yenye kifuniko chekundu", na wewe utauliza tena. Katikati ya maswali hayo simu yake inaisha chaji, naye yuko shambani. Jioni inafika na hakuna kilichofungwa.

Linganisha na jibu hili, lililoandikwa na kijana kwa mtu wa umri wa baba yake:

"Shikamoo baba. Unaona nini? 1: Vitumba vina matundu na vinadondoka. 2: Majani ya pamba yamejikunja, kingo zinakuwa nyekundu au yananata. 3: Ni kupe wa ng'ombe. Kama si hayo, nipigie. Jibu namba tu."

Hakuna jina la kiwandani hata moja humo. Kila namba ni kitu ambacho mkulima amekiona kwa macho yake asubuhi hiyo. Matundu kwenye vitumba yanaelekeza kwa funza. Kingo zinazogeuka njano kisha nyekundu ni dalili ya chawa jani, na majani yanayonata, mara nyingi yakiwa na sisimizi juu yake, ni kazi ya vidukari. Na tofauti hiyo si ndogo. Baadhi ya dawa kali za funza huua pia wadudu rafiki wanaokula vidukari, kwa hiyo mwenye vidukari akipewa dawa hiyo anaweza kukuta siku chache baadaye wameongezeka kuliko mwanzo.

Hoja ya tatu ina ukweli ndani yake: kwamba ukimtajia mtu maana, unamwekea maneno mdomoni, naye atachagua ya kwanza ili mambo yaishe. Hutokea, hasa mtu anapokuwa na haraka au anapomheshimu mno muuzaji. Dawa yake ni kuandika dalili zisizofanana, ili mwenye kupe asijione kabisa kwenye namba 1, na kuacha mlango kwa ambaye jambo lake halimo. Bei isitajwe kwanza, kwa sababu ikitajwa mtu atachagua bei na kuusahau mdudu. Kosa likitokea hata hivyo, hujitokeza kwenye maneno yanayofuata: mtu anajibu "1", halafu anaongeza kwamba anataka kuwahi kabla ndama hawajatolewa kwenda machungani. Hapo usifunge mzigo, piga simu. Na akisema anaona vyote viwili, vitumba vyenye matundu na majani yanayonata, mwambie aje na tawi moja.

Kuna wanaotaka usalama zaidi na kuorodhesha kila dawa iliyo dukani. Maana saba kwenye simu ndogo hazisomwi.

Inabaki hoja ya asiyejibu: mpe iliyozoeleka. Hapa natenganisha. "Saa mbili" nayo ina maana mbili, asubuhi na usiku, lakini duka linafungwa jioni, kwa hiyo hakuna haja ya kuuliza. Andika "nakungoja saa mbili asubuhi", kama kuna tatizo atasema. Kosa hapo linarekebishika. "Bomba nne" inahitaji swali, kwa sababu bomba la lita 16 mara nne ni lita 64, na la lita 20 ni lita 80, ila swali hilo lingoje mpaka mdudu ajulikane, maana maswali mawili kwenye ujumbe mmoja huleta jibu moja, na hujui ni la lipi. Dawa yenyewe asiyejibu asifungiwe. Akifika dukani saa mbili asubuhi, mtajie ana kwa ana maana zile zile tatu, kisha andika kwenye daftari, mbele ya jina lake, tarehe aliyopanda, dalili aliyoitaja na ukubwa wa bomba lake. Ujumbe wake wa wiki mbili zijazo huenda ukahitaji maana mbili tu.